Baba, soma hii ukiwa peke yako

Jumapili, 15 Juni 2025

Baba,

Habari ya asubuhi. Vaa miwani kwanza, na usimwite Wanyama akusomee. Ni ndefu, kwa hivyo keti.

Leo ni Siku ya Akina Baba. Tangu alfajiri simu yangu imejaa picha za baba za watu, wengine na suti, wengine wamepakata wajukuu, na maneno matamu chini yake. Nimeitafuta yako. Ninayo moja tu, ile tuliyopigwa nje ya nyumba Kaloleni, mama ameshika kikapu na wewe unatazama kando. Sikuiweka. Ningeandika nini chini yake? Chochote cha utamu ungejua si kweli, na mimi ningejua. Basi nimeona nikuandikie yaliyo moyoni, kwa hiki Kiswahili mlichotulea nacho kwa sababu wewe hukujua Kikamba na mama alikataa katakata kujifunza Kibukusu. Nikisema kwa ukali mahali, niwie radhi. Sijakuvunjia heshima.

Pesa zako zimenifikia, Baba. Kila tarehe tano, tangu Januari, shilingi 2,000. Mara ya kwanza nilidhani umekosea namba. Februari zikaja tena, nikajua hujakosea. Sikukushukuru wala sikuuliza. Mwezi uliopita ndipo Wanyama akaniambia ulimwambia, "Namlipa Nekesa polepole." Nilikuwa ndani ya matatu, Jogoo Road. Nilishuka kabla ya kituo changu kwa sababu sikutaka watu wanione nikilia.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Ploti ya Kamulu uliiuza 650,000. Kwa 2,000 kila mwezi utamaliza kulipa baada ya miaka 27. Una miaka 71.

Sitaki unilipe. Hilo ndilo nililoandika barua hii kulisema. Sijawahi kukudai pesa. Ninalokudai ni neno, na hilo halina M-Pesa.

Nianze na lile zuri, kwa sababu ndilo linalofanya lile baya liniume hivi.

Siku ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa na miaka tisa. Tulisikia mshindo, madirisha ya Kaloleni yakatetemeka, na mama akatoka mbio nje akiwa na mwiko mkononi. Wewe ulikuwa garaji, Grogan. Watu walisema ubalozi wa Marekani umelipuliwa, jengo la Ufundi limeanguka lote, mjini kumejaa maiti. Hukurudi usiku ule. Mama alikaa mlangoni hadi asubuhi. Uliporudi Jumamosi mchana ulikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, na ulikuwa umebeba jeki mbili begani. Nilikuuliza jeki ni za nini. Ukasema, "Za kuinua zege, mama. Kuna watu chini." Ukanywa maji, ukabadilisha shati, ukarudi mjini na jeki zako.

Watu 213 walikufa Nairobi siku ile. Hujawahi kutuambia kama kuna uliyemtoa akiwa hai. Mama aliloweka ile ovaroli siku mbili na maji yakawa bado yanatoka mekundu na kijivu. Mpaka leo nikipita pale kwenye bustani ya kumbukumbu, kona ya Haile Selassie na Moi Avenue, huwa nasema kimoyomoyo: baba yangu alikuwa hapa, hakuitwa na mtu.

Mwanamume huyo ndiye niliyemjua. Ndiye aliyekesha akifungua injini za matatu ili nimalize kidato cha nne. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza gari kabla ya kufungua boneti, na hadi sasa nikisikia mkanda wa feni ukilia barabarani nageuka. Na ndiye aliyekuwa akizima kila kelele nyumbani Jumapili ili tumsikilize Leonard Mambo Mbotela akiuliza, "Je, huu ni uungwana?" Wanyama akinipokonya mandazi, ulikuwa humchapi. Ulikuwa unamtazama tu na kumuuliza swali lile lile kwa sauti ya redioni, na yeye anarudisha.

Mbotela alipofariki Februari hii nilikuwa jikoni. Nilichukua simu nikaandika, "Pole, Baba." Nikaifuta. Nikaandika tena. Nikaifuta. Ningekutumia pole ya mtu wa redio na sijawahi kukupa pole ya mke wako mwenyewe? Lakini nilitaka ujue kwamba siku ile nilikukumbuka.

Sasa lile baya.

Mwaka 2017 mama alikuwa akisafishwa damu Jumanne na Ijumaa, saa nne kwa mashine kila mara. Bima ililipia hizo mbili. Sindano za kuongeza damu, dawa za presha, nauli, vipimo, yote yalikuwa juu yetu sisi watoto. Wewe mwanzoni ulikuja. Kisha ukaja Ijumaa tu. Kisha ukawa unapiga simu. Mama alikuwa hawezi kunywa maji apendavyo, ananyonya vipande vya barafu, na kila mlango wa wodi ukifunguliwa anageuza shingo. Hakuwahi kusema anakutafuta. Baba, alikuwa anakutafuta.

Na siku uliyokuja mwenyewe bila kuitwa, ulikuja na karatasi. Nilikuwa nimekwenda kununua uji. Niliporudi mama aliniambia ametia sahihi fomu ya bima. Sikushuku. Ni baada ya mazishi nilipoona nakala kwenye bahasha yako ndipo nikajua ni fomu ya mke kukubali ardhi iuzwe. Alikuwa na sindano mbili mkononi, alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ile herufi M imeanguka kama mtoto wa chekechea ameiandika.

Ploti ile ilitoka Gikomba, Baba. Wewe unajua. Miaka kumi na moja ya nguo za watoto za mitumba, belo moja moja, saa kumi alfajiri kwenye tope, na chama cha kila Alhamisi. Hati ikaandikwa jina lako kwa sababu mama alisema hataki watu wa kwenu wadhani anakudharau. Alikuwa akituambia, "Nikipona tunajenga chumba kimoja Kamulu, nifuge kuku." Alisema hivyo hadi Agosti 2018. Ploti ilikuwa imeuzwa mwaka mzima.

Alifariki Septemba bila kujua. Sijui kama hilo ni heri au ni nini.

Na pale kaburini, Webuye, mbele ya wazee wa ukoo, ulishika maikrofoni ukasema ulifanya yote yaliyo ndani ya uwezo wako. Niliinuka nikaondoka. Shangazi hajanisamehe hadi leo, anasema nilikuaibisha mbele ya watu. Sikutoka ili nikuaibishe. Nilitoka kwa sababu lile swali la Jumapili lilikuwa limefika hapa kooni, na ningelitamka kwa sauti.

Sijui pesa zilikwenda wapi. Nimesikia ya watu: deni la spea, mwanamke wa Kayole, kamari. Sijauliza mtu yeyote, kwa sababu nataka kusikia kutoka kwako. Labda ulikuwa na deni ambalo lingekutia jela. Labda uliogopa. Siku nyingine usiku nafikiri hivyo: kwamba mtu aliyeweza kuingia chini ya zege kwa ajili ya watu asiowajua aliogopa kumtazama mkewe akiisha kidogo kidogo, na ile karatasi ikaja baada ya hofu. Kama ni hivyo, niambie ni hivyo. Kama ni vibaya zaidi, niambie pia. Nina miaka 36, nimezika mama, nitastahimili.

Ninachoomba ni sentensi moja, kwa mdomo wako, mimi na Wanyama tukiwa tumeketi mbele yako. "Niliuza ploti ya mama yenu, na nilimdanganya." Kisha utuambie zilikokwenda. Usianze na "lakini". Usilete mzee wa kanisa kutupatanisha. Sisi watatu tu.

Siahidi kwamba ukishasema nitakuwa yule Nekesa wa zamani aliyekuwa akikukimbilia hadi getini kunusa grisi kwenye mikono yako. Sijui itachukua muda gani. Siwezi kusema nimesamehe kwa sababu kalenda imesema leo ni siku yako. Lakini nimechoka kukukwepa. Nimechoka kuuliza hali yako kupitia kwa Wanyama kana kwamba wewe ni jirani. Ameniambia jicho la kushoto limeanza kuingia ukungu na kwamba unakataa kwenda kupimwa. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, Baba, mtu harudi kuwa kijana lakini anarudi kuona. Hilo nitakupeleka, ukisema ile sentensi au usiposema. Hilo halina masharti.

Zile 12,000 ziko pale pale, sijagusa hata shilingi. Kaburi la mama bado ni udongo mtupu, na mvua ya mwaka jana ililizamisha upande wa miguu. Napendekeza zinunue saruji. Hazitatosha, nitaongeza. Usitume tena tarehe tano. Ukiwa na 2,000 mkononi, iweke kwenye mkebe, Desemba tukienda Webuye uje nayo na ukoroge zege mwenyewe. Hiyo kazi unaijua.

Jambo jingine. Mutheu ana miaka sita na hajawahi kukuona ana kwa ana. Nilimpa jina la mama, kwa hivyo utakapomwita jina utakuwa unamwita yeye. Jiandae kwa hilo. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kulitamka bila sauti kukatika. Sitamleta leo. Leo ni ya watu wazima.

Mimi na Wanyama tutapita hapo Kaloleni saa kumi na moja jioni. Usipike, usitume mtu soda. Chemsha chai, yako usiweke sukari. Ukiona huwezi leo, funga mlango tu, tutaelewa, tutarudi Jumapili ijayo saa hiyo hiyo. Ukiuacha wazi, tutaingia.

Heri ya Siku ya Akina Baba.

Nekesa
(ulikuwa ukiniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mama yako, miaka saba sasa sijasikia mtu akiniita hivyo)