Maelezo kabla ya kuridhia: kuondoa uvimbe wa mafuta begani

Mama, uvimbe wako hauonyeshi dalili za saratani, ila tutaupeleka maabara kuhakikisha. Sindano ya ganzi itachoma kwa sekunde chache. Baadaye utahisi kuvutwa tu. Ukisikia maumivu, sema, tutaongeza ganzi. Kazi huchukua kama dakika 30. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Kidonda kinaweza kuvuja damu au kutunga usaha. Kovu litabaki, na begani hutanuka kwa sababu ngozi huvutwa kila unapoinua mkono. Kama makovu yako huvimba, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, tuambie sasa. Mara chache uvimbe hurudi.

Unaweza pia kuuacha. Ukikua haraka au ukiuma, rudi. Hata ukishasaini, unaruhusiwa kukataa.