Memo: Mabadiliko ya Ratiba ya Masomo, Muhula wa Pili 2024

SHULE YA UPILI YA MTONI
S.L.P. 17, GARSEN

MEMO

KUMB.: SUM/RTB/2/2024
KUTOKA KWA: Naibu wa Mwalimu Mkuu (Masomo)
KWA: Wanafunzi wote, walimu wote, msaidizi wa maabara, mpishi mkuu
TAREHE: Ijumaa, 17 Mei 2024
MINT.: MABADILIKO YA RATIBA YA MASOMO

Kuanzia Jumatatu, 20 Mei 2024, shule itafuata ratiba mpya ya masomo hadi mwisho wa muhula huu. Ratiba ya zamani itaondolewa ubaoni Jumapili jioni.

Kama mjuavyo, muhula ulipaswa kuanza tarehe 29 Aprili, lakini mafuriko yalichelewesha ufunguzi wa shule nchini hadi tarehe 13 Mei. Tumepoteza wiki mbili. Somo la nadharia linaweza kufidiwa kwa kusoma vitabu. La maabara haliwezi. Kidato cha Nne wana mtihani wa KCSE mwaka huu, na maabara tuliyo nayo ni moja. Hadi sasa mikondo miwili imekuwa ikiingia kwa zamu, huu wiki hii na ule wiki ijayo. Tukiendelea hivyo, kila mkondo utafanya majaribio ya kila somo mara sita tu kabla ya kufunga. Kwa hivyo, kila mkondo sasa utaingia maabarani kila wiki:

Jumatatu – Biolojia
Jumanne – Kemia
Jumatano – Fizikia

Mkondo wa Mashariki utatumia kipindi cha 3 na cha 4 (saa 3:30 hadi 4:50 asubuhi), na wa Magharibi kipindi cha 8 na cha 9 (saa 8:10 hadi 9:30 alasiri). Somo ni lile lile kwa siku nzima ili msaidizi wa maabara aandae kemikali na vifaa mara moja tu.

Idadi ya vipindi vya kila somo haijabadilika. Kilichobadilika ni nafasi zake. Kidato cha Pili, Kemia ya maabara imetoka Jumanne hadi Alhamisi, kipindi cha 3 na cha 4, na Historia imechukua nafasi yake ya Jumanne. Kidato cha Tatu, Biolojia ya maabara itakuwa Ijumaa kipindi cha 1 na cha 2, badala ya Jumatatu alasiri. Hisabati ya Ijumaa asubuhi imehamia huko. Kidato cha Kwanza hawajaguswa, isipokuwa kwa mabadiliko ya Ijumaa yanayofuata.

Siku ya Ijumaa, chakula cha mchana kitaanza saa 6:30 badala ya saa 7:10. Wanafunzi wanaokwenda kuswali Ijumaa wamekuwa wakikosa kipindi cha 7 kila wiki, kisha wanaazima madaftari ya wenzao. Sasa kipindi hicho kitafundishwa baada ya mapumziko, saa 7:30 hadi 8:10, shule nzima ikiwa darasani. Mpishi mkuu aone kuwa chakula kiko tayari kufikia saa 6:25. Kengele ya saa 7:30 haitasubiri aliyechelewa kwenye foleni ya chakula.

Baadhi ya walimu walipendekeza tuanze masomo saa 12:30 asubuhi. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaweka saa za darasani kuwa saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na wanafunzi wa kutwa wanatembea kwenye njia ambazo bado zina matope na maji. Hatutaki mtoto yeyote avuke maji gizani kwa sababu ya kipindi cha ziada.

Kipindi cha Mazoezi ya Mwili kimebaki palepale kwa kila kidato. Mwalimu asikiombe, na kiranja asikitoe. Michezo ya saa 9:30 hadi 10:45 jioni pia inaendelea kama kawaida.

Viranja wa madarasa wachukue nakala za ratiba mpya katika ofisi yangu leo kabla ya saa 9:30 alasiri na kuzibandika madarasani. Wanafunzi wa kutwa wainakili kabla ya kwenda nyumbani. Kisingizio cha Jumatatu kwamba mtu alibeba vitabu vya ratiba ya zamani hakitasikilizwa. Mwalimu atakayeona vipindi vyake vimegongana amwarifu mwalimu wa ratiba kwa maandishi kabla ya saa 6:00 mchana kesho, Jumamosi. Mtu yeyote asibadilishe kitu kwa kalamu kwenye nakala iliyobandikwa.

(Sahihi)
Naibu wa Mwalimu Mkuu (Masomo)

Nakala:
Mwalimu Mkuu
Mwenyekiti, Bodi ya Usimamizi wa Shule