Imla ya Darasa la Tatu: Feri

Mwalimu, soma kila sentensi mara tatu, polepole.

Rahisi (alama 4)
Baba anauza samaki feri. Leo ana pweza na dagaa.

Wastani (alama 6)
Pantoni inatoka Magogoni kwenda Kigamboni. Abiria wanashuka wamebeba vikapu.

Ngumu (alama 10)
Mchuuzi alinyanyua ng'onda, akamwonyesha bibi. "Shilingi ngapi?" bibi akauliza.

Usahihishaji
Kata nusu alama kwa kila neno lililokosewa. Kosa likijirudia, lihesabu mara moja. Aliyeandika "ngonda" asikatwe: mwonyeshe ritifaa inapokaa. "Shiringi" ni kosa, ila wapo wanaotamka hivyo, basi mwandikie pembeni: "Umejitahidi! Sema nami: shi-li-ngi." Alama za uandishi zisikatwe; aliyeweka kiulizo mpe nyota.