Maelezo ya Muhtasari wa Mkataba wa Ubia wa Stendi Mpya ya Mabasi

Waheshimiwa Madiwani,

Muhtasari mliokabidhiwa unahusu mkataba wa miaka 22, miwili ya ujenzi na 20 ya uendeshaji, chini ya Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103. Mbia atatumia shilingi bilioni 24, yaani mtaji wake wa bilioni 7 na mkopo wa benki wa bilioni 17. Ardhi inabaki mali ya Halmashauri, na muda ukiisha stendi inarudi kwetu bila malipo.

Gharama za ujenzi zikizidi makadirio, au kazi ikichelewa, hasara ni ya mbia. Fidia ya wananchi wanaopisha eneo na ucheleweshaji wa vibali ni juu yetu. Mafuriko na matetemeko yanabebwa na pande zote mbili, bima ikitangulia kulipa.

Kifungu cha 14 ndicho kinachonitia wasiwasi. Kinaitaka Halmashauri ifidie pengo kila mabasi yanapopungua 160 kwa siku. Hesabu yetu ya sasa ni wastani wa mabasi 135. Kwa ushuru wa shilingi 8,000 kwa basi, pengo la mabasi 25 ni shilingi milioni 73 kwa mwaka, fedha ambazo zingetoka kwenye mapato ya ndani yanayojenga madarasa na zahanati.

Mradi ukishindikana, anayelipa anategemea aliyesababisha. Mbia akishindwa wakati wa ujenzi, hatumlipi kitu, na tunachukua dhamana yake ya utekelezaji ya shilingi bilioni 2.4. Akishindwa baada ya stendi kuanza kazi, anapoteza mtaji wake wote, lakini sisi tunailipa benki asilimia 85 ya deni lililobaki, baada ya kupunguza kiasi cha dhamana hiyo. Deni likiwa bilioni 12, tutalipa bilioni 7.8. Kwa hiyo si kweli, kama ilivyosemwa kwenye mikutano ya kata, kwamba mbia akifilisika sisi hatuguswi. Tukivunja mkataba sisi wenyewe bila sababu halali, tutalipa deni lote, mtaji wake na sehemu ya faida aliyoitarajia.

Namna ya kuvunja ina uzito wake. Mkataba wa maji wa Dar es Salaam, ulioanza Agosti 2003 kwa muda wa miaka 10, ulivunjwa Mei 2005. Uamuzi wa usuluhishi wa kimataifa wa mwaka 2008 haukuwapa wawekezaji fidia, ingawa serikali ilionekana kukiuka wajibu wake katika namna ilivyowaondoa. Ndiyo maana Kifungu cha 31 kinatutaka tutoe notisi ya maandishi na siku 90 za kurekebisha kasoro, ambazo benki nayo inaweza kuzitumia kuleta mwendeshaji mwingine.

Naomba Baraza liridhie mkataba kwa sharti kwamba kiwango cha Kifungu cha 14 kishushwe hadi mabasi 120, na wajibu wetu wa kufidia pengo ukome mwaka wa tano wa uendeshaji.

Mwanasheria wa Halmashauri