Hotuba ya Kufungua Usiku wa Filamu Shuleni

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Matroni, walimu wenzangu, wazazi mliokubali kuvumilia mabenchi ya bwalo letu, na ninyi wanafunzi, karibuni sana.

Tangu tangazo libandikwe, swali mabwenini limekuwa moja: mbona hakuna ngumi, mbona hakuna Bongo muvi? Kamati ya klabu ya filamu imenitupia mimi mlezi wao kazi ya kulijibu, wenyewe wamejibanza nyuma ya projekta.

Sanduku la maoni pale maktaba lilijaa. Wengi mliandika Vuta N'kuvute, ile aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni kazi nzuri. Lakini humu ndani kuna watoto wa miaka 13, na yale ni mapenzi ya watu wazima. Kidato cha Tano na cha Sita wataitazama siku yao, pamoja na mwalimu wa Fasihi. Filamu za ngumi nazo zilipata kura za kutosha. Hizo mtazifuata kibanda umiza likizo ikifika, tena huko kuna dijei wa kuwatafsiria kwa mbwembwe ambazo mimi sina.

Hoja iliyotuongoza ililetwa na msichana wa Kidato cha Pili. Alisema katika filamu nyingi mtoto wa kike yupo ili aonewe, alie, kisha aje mtu amwokoe. Akataka tutafute zile ambazo yeye ndiye mwenye uamuzi. Kamati ikakubali, halafu ikakesha kubishana.

Tutaanza na Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ni fupi, dakika ishirini na kitu. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na hata jasho linachujwa linywewe. Asha anapata udongo unaootesha mbegu. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Msisubiri mazungumzo, humo karibu hawasemi. Nimeiweka mwanzo kwa sababu inataka macho yaliyo macho, na chakula cha usiku hakijawalemea bado.

Ya pili inatoka Senegali: La Petite Vendeuse de Soleil ya Djibril Diop Mambéty, dakika 45. Hapa sitaficha, hii ndiyo niliyoipigania. Mambéty alifariki mwaka 1998, filamu ikatoka mwaka uliofuata. Sili anatembea kwa magongo katika mitaa ya Dakar, na bibi yake ni kipofu. Anaona wavulana wanauza magazeti, wanamsukuma, anaanguka. Anakwenda moja kwa moja kuomba na yeye apewe ya kuuza. Anakabidhiwa nakala 13. Mtazameni atakapokutana na polisi anayedhani pesa zake ni za wizi. Sili hamsihi wala hamlilii.

Wanazungumza Kiwolofu, kwa hiyo vijana wawili wa klabu wamekaa na tafsiri ya Kiingereza na kuandika ya Kiswahili, mstari kwa mstari. Tulipoijaribu humu bwaloni, aliyekaa benchi la mwisho karibu na dirisha la jikoni hakusoma kitu: maandishi yalikuwa meupe, na kila jua la Dakar lilipowaka yalipotea. Sasa ni ya njano, na yamepigiwa kivuli cheusi. Wapigieni makofi, kazi hiyo imekula prepu zao zote, kwa idhini ya mwalimu wa taaluma.

Tutamalizia na Supa Modo ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018, dakika 74. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usioponyeka, na anachotaka ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake na kijiji kizima wanaamua kumsaidia azipate. Hii ilitugawa. Wengine walisema haistahili, maana ni watu wazima wanaomfanyia mambo mtoto. Mimi nikawaambia wamwangalie Jo vizuri, wajiulize nani hasa anamfurahisha nani. Hatukukubaliana hadi leo, na ndiyo sababu imebaki kwenye orodha. Mzazi aliyefiwa karibuni, au mwanafunzi ambaye mada hiyo inamgusa, ana ruhusa ya kutoka bila kuulizwa. Matroni atakuwa mlangoni.

Kati ya filamu moja na nyingine tutapumzika dakika kumi, karanga na chai ziko kwenye meza ya pembeni. Umeme ukikatika, jenereta lina mafuta; kaeni palepale. Saa nne na nusu kila mtu awe bwenini. Kidato cha Kwanza, mikeka ya mbele ni yenu. Kidato cha Nne, nimewaona, rudini nyuma.