Utaratibu wa kuingia kwa waliochelewa: onyesho la mchezo na ngoma, Shangani, Mtwara, tarehe 4 na 5 Septemba 2026

Maelezo haya yanawahusu watazamaji wote, vijana wa mlangoni, wauza tiketi, wasanii na wageni waalikwa. Yatabandikwa dirishani pa tiketi na kwenye nguzo ya baraza, na kila mnunuzi atasomewa saa za kuingia anapokabidhiwa tiketi yake.

Mlango unafunguliwa saa 1:15 usiku. Onyesho linaanza saa 2:15. Saa hiyo tumeichagua ili aliyesali Isha msikitini apate muda wa kufika bila kukimbia, na ili bajaji za kutoka Mikindani, mwendo wa kilomita kama 10, ziwe zimekwisha kushusha watu. Kwa kuwa tumeshawangoja watu katika kupanga ratiba, hatutawangoja tena wakati wa kuanza. Saa itakayofuatwa ni ile ya ukutani juu ya mlango mkuu, si ya simu ya mtu yeyote.

Sehemu ya kwanza ni dakika 55, mapumziko dakika 20, sehemu ya pili dakika 50. Tunategemea kumaliza saa 4:20.

Mianya ya kuingia

Baada ya saa 2:15 mlango mkuu unafungwa, na utafunguliwa kwa waliochelewa mara tatu tu.

Mwanya wa kwanza ni saa 2:27, wimbo wa ufunguzi ukimalizika. Taa za upande wa watazamaji zitawashwa kidogo na wapiga ngoma wataendelea kupiga taratibu kwa dakika moja na nusu. Huo ndio muda wa kuingia na kuketi. Waingie watu kumi kumi, wakitanguliwa na kijana mwenye tochi. Tochi ifungwe karatasi nyekundu na imulike sakafuni, kamwe isimulike uso wa mtu.

Mwanya wa pili ni saa 2:44, vifaa vya shambani vinapoondolewa jukwaani. Huu ni mfupi zaidi, dakika moja, na anayeingia hapa haendi kwenye kiti chake hata kama namba yake bado ipo. Anaketi kwenye mabenchi ya nyuma mpaka mapumziko, ndipo ahamie. Tumeamua hivyo kwa sababu onyesho linalofuata halivumilii mtu anayevuka safu za watu akiomba samahani.

Kuanzia saa 2:45 mpaka 3:10 haingii mtu. Sababu tunaieleza kwa kirefu, maana hapo ndipo ubishi wa mlangoni huwa mkali. Lipiko, yaani mchezaji wa ngoma ya Kimakonde aliyevaa kinyago, haliingilii jukwaani. Linaingia kwa mlango mkuu, linapita katikati ya watazamaji, na nyuma yake anafuata mchezaji wa mironjo, aliyejifunga miti mirefu miguuni na anayehitaji njia nyeupe kabisa. Anayekatiza gizani mbele ya mchezaji huyo anaweza kumwangusha na kumvunja. Zaidi ya hatari hiyo, kuna heshima. Kwa Wamakonde, mtazamaji hatakiwi kumjua aliye ndani ya kinyago. Maandalizi yake yatafanyika barazani, palepale ambapo waliochelewa huwa wanasubiri. Kwa hiyo ifikapo saa 2:46 vijana wa mlangoni watawahamisha wote waliopo barazani, wakae upande wa dirisha la tiketi nyuma ya mikeka iliyotundikwa, na hakuna atakayechungulia wala kupiga picha. Ombi hili halina msamaha kwa mtu yeyote, awe mwandishi wa habari au ndugu wa mchezaji.

Mwanya wa tatu ni mapumziko yenyewe, saa 3:10 hadi 3:30. Kengele itagongwa saa 3:25 na tena 3:29. Baada ya saa 3:30 mlango haufunguliwi tena kwa anayeingia mara ya kwanza. Aliyefika muda huo akiwa na tiketi ya Ijumaa atagongewa muhuri wa kuingia Jumamosi kwenye mabenchi ya nyuma, bila malipo mengine. Kwa tiketi ya Jumamosi hatuna usiku wa kuihamishia, na tunalisema hili mapema ili asiwepo wa kuja kushangaa.

Mlango wa ubavuni si wa watazamaji. Nje yake kuna moto wa kupashia ngoma ili ngozi zikaze, na wapigaji hupita hapo mbiombio na ngoma mikononi. Msanii atakayempitisha rafiki yake mlango huo atakuwa amevunja utaratibu wa kikundi.

Wanaosubiri na wanaotoka

Anayesubiri asiachwe amesimama mbele ya macho ya watu kama mkosaji. Barazani kuna viti, mtungi wa maji ya kunywa na spika ndogo inayotoa sauti ya jukwaani, hivyo atakayekosa mwanzo ataufuata kwa masikio. Nyuma ya mikeka pia spika itafika.

Mzazi ambaye mtoto wake analia anatoka wakati wowote, na anarudi wakati wowote isipokuwa kati ya saa 2:45 na 3:10. Wagonjwa na wajawazito vivyo hivyo. Wengine wanaotoka, iwe kupokea simu au kujisaidia, wanapewa kadi ya njano mlangoni na wanarudi kwenye mwanya unaofuata. Anayejua kwamba hukaa na simu mkononi tunamwomba aombe kiti cha pembeni anapokata tiketi.

Viti visivyo na watu

Ukumbi una viti 186 vyenye namba na mabenchi mawili ya nyuma yenye nafasi 14. Nafasi hizo 14 haziuzwi hata siku moja. Ndizo zinazotuwezesha kumwambia mwenye tiketi aliyechelewa kwamba bado ana mahali pa kukaa.

Kiti kilichowekwa kwa simu bila kulipiwa kinashikiliwa mpaka saa 2:00 kamili. Dakika hiyo ikifika, jina linakatwa na kiti kinauzwa kwa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri. Orodha inaanza kuandikwa saa 1:15, kila mtu anapewa kipande cha karatasi chenye namba, na anayeitwa mara mbili bila kuitika anapitwa. Hakuna kumwandikia mtu ambaye hayupo.

Kiti kilicholipiwa ni amana. Tunakishikilia mpaka mwanya wa kwanza, saa 2:27. Mwenyewe asipokuwa mlangoni hapo, kiti kinatolewa kwa mtu wa orodha, ambaye hulipa bei ya kiti hicho: shilingi 10,000 safu tatu za mbele, 5,000 za kati, na 2,000 kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho. Lakini fedha hiyo haiingii kwenye sanduku la mapato. Inawekwa kwenye bahasha yenye namba ya kiti. Mwenye kiti akitokea kabla ya mapumziko kwisha, anapelekwa benchi la nyuma au kiti kingine kilicho wazi; ikiwa vyote vimejaa, anarudishiwa fedha yake yote kutoka bahasha ile ile, papo hapo, bila kuambiwa aje kesho. Asipotokea mpaka saa 3:30, bahasha inakwenda kwa wapiga ngoma. Kuuza kiti kimoja mara mbili na kufaidi mara mbili ni jambo ambalo hatutaki kulisikia katika kikundi hiki. Aliyeketishwa naye haondolewi kumpisha aliyechelewa, hata kama aliyechelewa anaonyesha tiketi yenye namba ile ile.

Viti vinne vya mwisho wa safu, vilivyotengwa kwa watu wenye ulemavu, havitolewi mpaka mapumziko. Vikundi vya watu kumi na zaidi, hasa shule za Nanyamba, Tandahimba na Newala, na wanaovuka kwa kivuko kutoka Msangamkuu, wakipiga simu kabla ya saa 2:15 kueleza kilichowakwamisha, viti vyao vinashikiliwa mpaka saa 2:44. Wataketi kundi zima wakati wa mapumziko. Mwalimu apige simu mwenyewe. Namba imechapwa nyuma ya tiketi.

Wageni rasmi

Safu ya mbele ina viti vinane vya wageni. Onyesho halitamngoja mgeni yeyote. Tumeshuhudia mara nyingi ukumbi mzima ukikaa saa nzima ukipigwa na joto kwa ajili ya mtu mmoja ambaye huenda hajui hata kwamba anangojwa, na watoto wanalala kabla ngoma ya kwanza kulia. Barua ya mwaliko inataja saa 2:00 na inaeleza mianya hii. Viti sita kati ya vinane vinatolewa kwa orodha saa 2:15. Viwili vinabaki mpaka mapumziko, na hotuba fupi, kama ipo, itatolewa saa 3:27 baada ya kengele ya kwanza. Mgeni aliyechelewa anasubiri barazani na kuingia kwa mwanya kama wengine. Mwenyekiti wa kikundi ndiye atakayempokea na kukaa naye hapo, ili kijana wa mlangoni asibebeshwe mzigo wa kumzuia mkubwa.

Maneno ya mlangoni

Namna ya kusema ni nusu ya kazi. Kwa mzee: "Shikamoo mzee, karibu sana. Mchezo umeshaanza, mlango utafunguliwa saa mbili na dakika ishirini na saba. Karibu ukae hapa barazani, maji haya hapa." Kwa kijana au rika: "Karibu, pole na safari. Tunaingia pamoja dakika chache zijazo." Kwa aliyepoteza kiti: "Pole mama, kiti chako kimeshakaliwa kwa sababu saa yake imepita. Nafasi yako iko nyuma, nitakupeleka mwenyewe." Msiseme "ungewahi" wala "si mmeandikiwa." Msijibishane. Anayepandisha sauti aelekezwe kwa mkuu wa mlango, naye amsogeze dirishani pa tiketi, mbali na mlango.

Mambo yakienda kombo

Tukichelewa kuanza sisi, saa zote zinasogea kwa kiasi hicho hicho, na mkuu wa mlango atabandika saa mpya kwa chaki ubaoni. Umeme ukikatika, onyesho linasimama, mlango unafunguliwa na wote waliopo barazani wanaingia wakati jenereta inawashwa. Lipiko likiwa ndani wakati huo, mlango unabaki umefungwa mpaka litoke, taa za betri zikimulika njia ya mchezaji wa mironjo. Kwa hatari ya moto, milango yote miwili inafunguliwa na utaratibu huu wote unakoma. Ndiyo maana hakuna ruhusa ya mtu kukaa kwenye ngazi wala njia za katikati, hata kama orodha bado ndefu.

Uamuzi wa mlangoni ni wa mkuu wa mlango peke yake. Anayefungua mwanya kwa ndani ni meneja wa jukwaa, kwa kugonga mlango mara mbili. Bila kugongwa, mlango haufunguliwi hata kama saa imefika. Mazoezi ya mianya yote mitatu yatafanyika ukumbini Alhamisi tarehe 3 Septemba saa 10:00 jioni, na vijana wa mlangoni, wauza tiketi na mchezaji wa mironjo wanatakiwa wote kuwepo.