Zoezi la Ramani: Kilima, Bonde, Uwanda na Ziwa

Kazi ya vipindi viwili. Alama 30: mchoro 15, maswali 15.
Vifaa: karatasi ya miraba, penseli iliyochongwa, rula, kifutio, rangi ya buluu, kahawia na kijani.

Leo hupewi ramani. Utaichora mwenyewe kutokana na maelezo, kwa hiyo ukikosea maana ya neno moja, mto wako utapanda kilima. Soma maneno kwanza, kisha ndipo ushike penseli.

MANENO

Mlima na kilima. Vyote ni ardhi iliyoinuka kupita ardhi inayovizunguka, ila kilima ni kidogo. Kiambishi ki- kinakwambia hivyo, kama ilivyo kwa mto na kijito. Usidanganywe na majina: Kilimanjaro inaanza kwa sauti za "kilima", lakini ina mita 5,895 na ndiyo ndefu kuliko milima yote ya Afrika. Sehemu ya juu kabisa ni kilele, ubavu wake ni mteremko, na chini inapoanzia ni kitako.

Mgongo. Mwinuko mrefu na mwembamba, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Maji ya mvua yakiuangukia hugawanyika, mengine upande huu na mengine ule.

Bonde. Ardhi ya chini iliyo kati ya miinuko miwili. Mabonde mengi yamechimbwa na mito; Bonde la Ufa, kwa upande wake, lilitokea ardhi ilipodidimia kati ya nyufa. Bonde jembamba lenye kuta za wima huitwa korongo.

Uwanda, au tambarare. Ardhi pana iliyo sawa. Sawa haimaanishi chini: uwanda wa juu ni tambarare pia, ila umeinuka mamia ya mita. Wengine husema mbuga, nao hawakosei ikiwa ni uwanda wa nyasi. Mbuga si lazima iwe na geti na simba.

Ziwa. Maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote. Wingi wake ni maziwa, na ndiyo, kila mwaka kuna anayecheka. Bwawa ni dogo zaidi, na mara nyingi limetengenezwa na watu kwa kuziba mto. Ukubwa wa ziwa kwenye ramani haukuonyeshi kina chake: Ziwa Victoria ni pana kuliko Ziwa Tanganyika, lakini Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi na Victoria halifiki hata 100.

Rasi na ghuba. Rasi ni nchi kavu iliyochomoza ndani ya maji. Ghuba ni maji yaliyoingia ndani ya nchi kavu. Neno rasi asili yake ni Kiarabu, maana yake kichwa. Kumbuka kichwa kinachotokeza majini na hutazichanganya.

Chemchemi ni mahali maji yanapotoka ardhini yenyewe. Kinamasi ni ardhi tepetepe yenye maji yaliyotuama na matete. Kisiwa mnakijua.

Kontua. Mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kilekile kutoka usawa wa bahari. Kontua mbili zenye vimo tofauti hazikatani. Zikibanana, mteremko ni mkali; zikiachana, ni wa taratibu.

KUCHORA

Chora fremu ya sm 20 kwa sm 16, upande mrefu ukilala. Skeli ni 1:50,000, yaani sm 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhi. Kaskazini ni juu. Kila mahali pametajwa kwa namba mbili, ukianzia pembe ya chini kushoto: ya kwanza unakwenda kulia, ya pili unapanda juu. Ukizigeuza, ziwa litatua juu ya kilima. Kontua zinapishana mita 20. Majina yote ni ya kubuni.

a) Weka nukta (5, 12) na uandike 1,312. Hicho ni kilele cha Kilima Popo. Kizungushie kontua nne zilizofungwa, za mita 1,300, 1,280, 1,260 na 1,240, kwa rangi ya kahawia. Upande wa magharibi ziachane milimita 2 tu. Upande wa mashariki milimita 6.

b) Sasa kontua nyingine ya mita 1,240, na hapa nenda polepole. Anzia ukingo wa juu (8, 16), shuka hadi (8.5, 13), panda hadi (9.5, 14), shuka tena kupitia (11.5, 12) hadi (13, 9), kisha kata kona na urudi juu hadi ukingo kwenye (15, 16). Mstari huu una ncha mbili zilizo muhimu: moja (9.5, 14), inayoelekea kaskazini, na nyingine (13, 9), inayoelekea kusini. Ardhi ya juu iko ndani ya mstari, upande wa kaskazini. Weka nukta (13, 12) na uandike 1,257.

c) Chemchemi iko (9.5, 15). Mto Kasika unatoka hapo, unapita (9.5, 14), (9.5, 10) na (9, 7), kisha unaingia Ziwa Duara kwenye (8.5, 5). Buluu. Usiuchore kwa rula, mto haukunyooka hivyo.

d) Ziwa lina urefu wa sm 4 kutoka (6, 4) hadi (10, 4), na upana wa sm 2. Uso wa maji uko mita 1,224. Hakuna mto unaotoka. Kwenye ufuko wa kusini chomoza rasi ndogo kwenye (7, 3), na kisiwa kimoja kwenye (9, 4). Mto unapoingia ziwani, tia alama za kinamasi.

e) Kuanzia (11, 0) hadi (20, 8) andika Uwanda wa Swala. Hutachora kontua yoyote hapo. Uwazi huo si uvivu wa mchoraji. Ndio unaoonyesha tambarare.

f) Malizia kwa jina la ramani, skeli, mshale wa kaskazini na ufunguo. Ramani isiyo na ufunguo inapoteza alama 3, hata kama ni nzuri.

MASWALI

1. Kilele cha Popo kimepita mita 1,300, lakini tumekiita kilima. Linganisha kimo chake na uso wa ziwa, kisha eleza kwa nini jina hilo linafaa. (alama 3)

2. Una mzigo kichwani na unashuka kutoka kileleni. Utapita mashariki au magharibi? Pima, useme katika kila upande unatembea mita ngapi za ulalo ili kushuka mita 20. (alama 3)

3. Tazama ncha mbili za kontua ya kipengele (b). Moja inaonyesha bonde, nyingine mgongo. Ipi ni ipi, na umejuaje? (alama 3)

4. Toa umbali wa moja kwa moja, kwa kilomita, kati ya kilele cha Popo na nukta ya 1,257. (alama 1)

5. Mwanafunzi amechora kijito kikianzia ziwani, kikapita (11, 10) na kuishia kwenye nukta ya 1,257. Eleza kosa lake kwa kutumia namba za vimo. (alama 2)

6. Maji huingia Ziwa Duara lakini hayatoki kwa mto. Yanaondokaje, na yanaacha nini nyuma? Ladha ya maji hayo baada ya miaka mingi itakuwaje? (alama 3)